Pole Kabla ya Fidia: Namna ya Kuandika Ujumbe wa Kuomba Radhi Bila Kujifunga Mapema

Tuchukue mfano huu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, simu ya fundi mkuu wa karakana ya mabomba jijini Dar es Salaam inaingiza picha nne mfululizo. Ya kwanza ni dari ya jipsamu iliyobomoka katikati ya sebule. Ya pili ni sofa lililolowa, vipande vya jipsamu vimelala juu yake. Ya tatu ni televisheni inayochuruzika maji. Ya nne ni hita ya maji moto ambayo vijana wake waliifunga siku kumi na mbili zilizopita, na chini yake mpira wa kuunganishia bomba unaning'inia. Mama mwenye nyumba ameandika maneno matatu tu: "Ona kazi yenu."

Fundi anaumia. Dakika mbili hazijapita, amejibu:

"Shikamoo mama, nisamehe sana. Huu ni uzembe wa vijana wangu, hawakukaza vizuri. Usiwe na wasiwasi, tutalipa kila kitu: TV mpya, sofa na dari. Nipe siku mbili."

Ni jibu la muungwana, na ndiyo maana watu wengi huliandika. Lakini ndani yake kuna mambo manne ambayo fundi hayajui: kwamba kosa ni la vijana wake, kwamba mpira haukukazwa, kwamba vitu vyote vile vimeharibika kabisa, na kwamba siku mbili zitatosha. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuuandika upya ujumbe huo ili ubebe uwajibikaji wote unaostahili, bila kukiri dhima ya kisheria na bila kuahidi fidia ambayo bado haina hesabu.

Maneno yanayofunga

Uwajibikaji na dhima hukaa jirani, lakini si kitu kimoja. Uwajibikaji ni kuja, kutazama, kuzuia madhara yasiongezeke, kutoa majibu na kutimiza siku uliyoitaja. Dhima ni swali la kisheria: nani alisababisha hasara, na anapaswa kulipa kiasi gani? La kwanza unaweza kulibeba dakika hii hii. La pili linahitaji ushahidi.

Sheria za ushahidi za Tanzania (1967) na Kenya (1963) zote zinautambua ukiri, yaani maneno ya mtu kuhusu jambo linalobishaniwa ambayo yanaweza kutumika dhidi yake. Ukiri haumalizi kesi peke yake. Unaweza kuelezwa, na unaweza kuonyeshwa kuwa ulitolewa bila kujua ukweli wote. Ila mzigo wa kueleza unakuwa wako. Usijidanganye kwamba WhatsApp ni maongezi tu: Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayoruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Ujumbe wa sauti nao ni maneno yako.

Ziko nchi zilizoweka kinga. England ina sheria ya mwaka 2006 inayosema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na Hong Kong ikaweka sheria maalumu ya kuomba radhi mwaka 2017. Wewe unayeandika kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Arusha usiandike kana kwamba unalindwa na sheria hizo. Kinga yako ni maneno unayoyachagua.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye biashara ndogo huigundua wakiwa wamechelewa. Kama una bima ya dhima kwa watu wengine, fungua hati yako usome sehemu ya masharti ya madai. Kwa kawaida utakuta sharti kwamba mwenye bima asikiri dhima, wala asitoe ahadi au malipo, bila idhini ya maandishi ya kampuni ya bima. Fundi wetu aliyeandika "tutalipa kila kitu" ameipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai lenyewe. Yaani ahadi aliyoitoa kwa huruma inaweza kumkosesha fedha ambazo zingemlipa yule mama.

Maneno yanayokimbia

Wengine, kwa kuogopa hayo, huandika hivi:

"Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Suala lako linafanyiwa kazi."

Kisheria ujumbe huu hauna doa. Kibinadamu, ni mlango uliofungwa. Anayeambiwa "usumbufu wowote" ametuma picha ya dari iliyoanguka. "Uliojitokeza" linafanya maji yaonekane yamekuja yenyewe, na "linafanyiwa kazi" halisemi nani anafanya, anafanya nini, wala atamaliza lini. Mama huyu atapiga simu mara tatu kabla ya saa nne, kisha atamtafuta wakili au ataweka picha kwenye kundi la mtaa. Ujumbe ulioandikwa kuzuia madai unakuwa ndio unaoyaleta.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Vitenzi vya kusababisha (tumeharibu, tumesababisha, hatukukaza) na vya kulipa (tutafidia, tutanunua, tutarudisha) visubiri ukaguzi. Vitenzi vya kutenda (tumeona, tunakuja, tutakagua, tutakuletea majibu) visisubiri hata kidogo, na kila kimoja kiwe na mtu na saa.

Pole, samahani, radhi, nisamehe

Kiswahili kimetupa hapa kitu ambacho lugha nyingine zinakihangaikia. Tuna neno la kumhurumia mtu bila kugusa swali la kosa: pole. Unampa pole aliyefiwa, aliyeugua, aliyenyeshewa, na hakuna anayedhani wewe ndiye uliyeleta mvua. Ndiyo maana pole inafaa kutangulia katika ujumbe wa kwanza. Ni ya kweli, ni ya haraka, na haisemi nani kakosea.

Lakini pole peke yake haitoshi pale kazi inapokuwa yako. Ukimpa pole tu mtu ambaye mabomba yake uliyafunga wewe, atasikia kwamba unajiweka upande wa majirani. Hapo ndipo "tunaomba radhi" inapoingia, na ni lazima uiambatanishe na jambo ambalo kweli ni lako na unalijua. Fundi hajui kama mpira ulikazwa vibaya. Anajua kwamba mama alimwamini kwa kazi hii na kwamba siku kumi na mbili baadaye ameamka na maji sebuleni. Anaweza kuandika: "Tunaomba radhi kwamba baada ya kutuamini kwa kazi hii umeamkia hali hii." Kila neno hapo ni kweli, na hakuna linalosema chanzo.

"Samahani" ni nyepesi mno kwa dari iliyoanguka. Iweke kwa mambo madogo yaliyo yako waziwazi, kama kuchelewa kupokea simu. "Nisamehe" na "tumekosa" ni nzito kwa upande mwingine, maana anayeomba kusamehewa amekwisha kusema kwamba ametenda. Zihifadhi. Ikithibitika kuwa kosa ni lako, utazihitaji, na siku hiyo zitakuwa na uzito kwa sababu hukuzitumia ovyo.

Kuuandika upya, sentensi kwa sentensi

Kabla ya kuandika, piga simu. Ujumbe usiwe wa kwanza kufika pale ambapo sauti ingefaa zaidi. Simu iwe fupi: pole, je kuna aliyeumia, funga koki kuu, zima swichi ya hita, usiguse televisheni wala taa za dari, tuko njiani. Onyo la usalama si ukiri wa kosa. Kulichelewesha kwa kuogopa dhima ndiko kunakoweza kukuletea dhima mpya. Kisha andika yaleyale ili yabaki.

Sasa tuchukue jibu la kwanza la fundi na kulibadili.

"Nisamehe sana" inakuwa: "Pole sana mama kwa hali uliyoamka nayo."

"Huu ni uzembe wa vijana wangu" inakuwa: "Hita hii tuliifunga sisi tarehe 3, kwa hiyo ni wajibu wetu kuja kuona kilichotokea." Tazama kilichofanyika hapa. Fundi hajaikana kazi yake, ameitaja pamoja na tarehe, kwa sababu ni jambo la kweli ambalo risiti inalionyesha. Alichokiacha ni hukumu. Neno "uzembe" ndilo neno lenyewe ambalo wakili wa upande wa pili angelazimika kulithibitisha, na hakuna sababu ya kumpa bure kabla hujaona hata nati.

"Hawakukaza vizuri" inakuwa: "Chanzo bado hatujakijua. Tutakagua mpira, nati na msukumo wa maji, na tutakuonyesha tutakachokikuta."

"Tutalipa kila kitu" inakuwa: "Tutaorodhesha pamoja nawe kila kitu kilichopata maji. Suala la gharama tutalizungumza nawe kwa maandishi baada ya ukaguzi." Sentensi hii ni muhimu kwa sababu haikwepi pesa. Mtu aliyepata hasara anafikiria pesa tangu dakika ya kwanza, na ukinyamaza kabisa atajua unakwepa. Mwambie kwamba mazungumzo hayo yapo, na yatakuja baada ya hatua gani.

"Nipe siku mbili" inakuwa siku na saa unayoweza kuitimiza hata mambo yakiharibika.

Ujumbe mzima unasomeka hivi:

"Shikamoo mama. Pole sana kwa hali uliyoamka nayo, na tunaomba radhi kwamba baada ya kutuamini kwa kazi hii umekutana na jambo kama hili. Nimeziona picha zote nne: dari, sofa, televisheni na hita. Hita tuliifunga sisi tarehe 3, kwa hiyo ni wajibu wetu kuja kuona kilichotokea. Tafadhali acha koki kuu imefungwa na swichi ya hita imezimwa, na usiwashe televisheni. Mimi mwenyewe nitakuwa kwako saa tatu kamili pamoja na fundi mmoja. Tutazuia maji, tutaondoa dari iliyolegea isije ikamwangukia mtu, na tutaorodhesha nawe kila kilichopata maji. Naomba mpira na nati visitupwe. Chanzo bado hatujakijua. Tutakagua na kukuonyesha tutakachokikuta. Ijumaa kabla ya saa kumi jioni nitakuandikia matokeo, na suala la gharama tutalizungumza hapo tukiwa na ukweli mkononi. Namba hii ni yangu, nipigie wakati wowote."

Hakuna ahadi ya fidia, wala hakuna kukana. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kufika nyumbani kwa mama, fundi aitaarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi na kuambatanisha picha. Taarifa iliyochelewa ni sababu nyingine inayotumika kukataa madai.

Mama akibana: "Mtalipa au hamlipi?"

Atauliza, na ana haki. Ukijibu "ndiyo" umejifunga, ukijibu "hapana" umekana jambo ambalo pengine ni lako. Usijifiche nyuma ya "sera ya kampuni". Eleza kwa nini leo huwezi kusema:

"Mama, swali lako ni la haki. Leo nikisema ndiyo au hapana nitakuwa nakisia, kwa sababu sijui kama tatizo ni ufungaji, mpira wenyewe au msukumo wa maji. Nisingependa nikuahidi leo kisha Ijumaa nigeuke. Ijumaa nitakupa jibu pamoja na sababu zake, na kama hukubaliani nalo unaweza kuleta fundi wako mwingine akague."

Ruhusa ya kuleta fundi mwingine inakugharimu kidogo, na inaonyesha kuwa huogopi kukaguliwa.

Kuna wakati msaada hauwezi kusubiri. Kama sebule inahitaji kukaushwa leo, unaweza kujitolea kuwaleta watu wa usafi, ukishapata idhini ya kampuni ya bima. Andika ni msaada wa nini, na kwamba haumalizi suala la gharama wala haupunguzi haki ya upande wowote. Usimpe mama karatasi ya "tumemalizana" asaini akiwa amesimama ndani ya maji. Sahihi iliyopatikana namna hiyo huzua ugomvi mkubwa kuliko ule uliotaka kuuzuia.

Ukaguzi, na ujumbe wa Ijumaa

Ujumbe wa kwanza ulikuwa na thamani kwa sababu ulitaja ujumbe wa pili. Huo wa pili usipofika, yote uliyoandika yanageuka kuwa ujanja.

Nyumbani kwa mama, kila kifaa kina habari yake. Nati iliyopasuka ikiwa bado imekaa mahali pake mara nyingi huashiria kukazwa kupita kiasi, na hilo linaelekea kwa mafundi. Nati nzima iliyojifungua huenda haikukazwa ya kutosha, au kuna aliyeigusa baadaye. Mpira uliochanika katikati, nati zote mbili zikiwa salama, unaelekeza kwenye ubora wa mpira au msukumo mkubwa wa maji, ambao mara nyingi hupanda usiku watu wengi wanapofunga mabomba. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Tia mpira na nati kwenye mfuko, andika tarehe, nyote wawili msaini, na umwachie mama picha zilezile.

Tuseme Ijumaa imefika na nati imekutwa imepasuka, na kampuni ya bima imetoa idhini ya kuzungumza. Hapa si mahali pa kuendelea na "chanzo bado hakijulikani." Ukishajua, kusema hujui ni uongo, na lugha yote ya mwongozo huu inaharibika ikitumika kuficha ukweli. Andika:

"Shikamoo mama. Tumemaliza ukaguzi. Nati ya chini ilipasuka, na alama zake zinaonyesha ilikazwa kupita kiasi wakati wa kufunga. Hiyo ilikuwa kazi yetu. Tulikosea, na tunakuomba utusamehe. Kwa idhini ya kampuni yetu ya bima, tunapendekeza gharama zifuatazo..."

Sasa "tulikosea" na "utusamehe" zimefika mahali pake, na hesabu inaweza kuandikwa kitu kwa kitu. Faida ya kutoahidi mapema inaonekana hapa. Tuseme mama alikuwa amehesabu televisheni mpya kwa shilingi 1,200,000, sofa shilingi 900,000 na dari shilingi 800,000, jumla shilingi 2,900,000. Baada ya televisheni kukaushwa na kupimwa na fundi wa elektroniki, ikakutwa inatengenezeka kwa shilingi 150,000. Sofa likahitaji kubadilishwa kitambaa na sponji kwa shilingi 400,000. Dari ikabaki 800,000. Jumla halisi ni shilingi 1,350,000. Aliyeahidi "TV mpya" alfajiri sasa angekuwa anabishana na mama juu ya ahadi, na mpasuko wa nati ungesahaulika. Kumbuka pia kwamba bima ya namna hii mara nyingi hulipa vitu vilivyoharibika, lakini hailipi kurudia kazi yenyewe mbovu. Kufunga upya mpira na nati ni kwa mfuko wa fundi.

Na kama mpira ndio uliochanika? Usiandike "si kosa letu" ukaishia hapo. Kama mpira uliununua na kuuleta wewe, mama hakuwa na mkataba na duka, alikuwa na mkataba na wewe, na mzigo unaweza kubaki kwako hata kama kasoro imetoka kiwandani. Mwambie ulichokikuta na hatua unayochukua kwa muuzaji, na umtafute wakili kabla ya kukataa kwa maandishi.

Mipaka ya maneno

Kuna wanaodhani ukiweka "bila kuathiri haki za pande zote" juu ya ujumbe, chochote unachoandika chini yake kinakuwa siri. Sivyo. Maneno hayo hulinda mazungumzo ya kweli ya kumaliza mgogoro uliokwisha kuwapo, kwa mfano pale mnapojadiliana kiasi. Hayasafishi sentensi ya alfajiri iliyosema "ni uzembe wetu", na kumwandikia hayo mama ambaye bado anachota maji sebuleni ni kumtangazia vita. Yaache hadi siku ya kujadili kiasi.

Pale mtu anapoumia, mwongozo huu unafika mwisho mapema. Toa pole, peleka msaada, mfikishe hospitali, iambie kampuni ya bima siku hiyo hiyo, na ujumbe wa pili usitoke kabla wakili hajausoma. Ni hivyo hivyo pale polisi au mamlaka ya serikali inapoingia.

Kabla hujabonyeza kutuma, soma ujumbe wako mara moja ukitafuta kitu kimoja. Katika kila sentensi jiulize: hili nimeliona, nitalifanya, au nalikisia? Ulichokiona kiache. Utakachokifanya kipe saa. Unachokikisia kifute, hata kama kimetoka kwenye moyo mwema. Yule mama ametuma picha nne, na anachosubiri saa tatu ni kusikia hodi mlangoni.